Chakula cha shule kuisha mwezi wa tano: anzeni bajeti Julai

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili na mweka hazina wa kamati ya chakula kwenye shule ya msingi, wilaya ya Nachingwea. Tuna wanafunzi 400. Wazazi tulikubaliana kila mtoto shilingi 30,000 kwa mwaka. Tunakusanya mwezi wa kumi na mbili hela ya korosho ikishatoka, Januari tunanunua mahindi na mbaazi, tunaanza kupika. Wanaomaliza kulipa hawazidi 300. Kila mwaka chakula kinaisha mwezi wa tano. Wapishi wetu watatu wanadai posho iongezwe, kuni zimepanda, na wazazi wanasema tumekula hela. Nipigie hesabu: mtoto mmoja anagharimu kiasi gani hasa, na tunakosea wapi?*

Marahaba, mama. Kwa hesabu ulizonipa, hela yenu haihitaji mwizi ili iishe mwezi wa tano. Ingeisha hata daftari lingeshikwa na malaika. Watoto 300 mara 30,000 ni milioni tisa. Ukinunua mahindi Januari, sahani moja ya chakula cha mchana itawagharimu kama shilingi 274, nitakuonyesha inavyopatikana. Milioni tisa zinatoa sahani karibu 33,000, na kwa watoto 360 wanaokula kila siku hizo ni siku 91 za masomo. Hesabu kuanzia shule inapofunguliwa Januari, ruka likizo fupi ya kati ya muhula, utaangukia mwishoni mwa Mei.

Bei zote nitakazotaja hapa ni za mfano. Nenda gulioni na kalamu, futa zangu uweke zenu. Vipimo vya chakula na namna ya kukokotoa ndivyo vya kushika.

Anza na sahani, usianze na mtoto. Kamati nyingi huuliza "kila mtoto atoe ngapi" kabla hazijajua zinataka kupika sahani ngapi, na hapo ndipo namba kama 30,000 huzaliwa: ni ya mviringo, inatamkika mkutanoni, na haina uhusiano na sufuria. Mwaka wa shule una siku 194 hivi za masomo. Waliosajiliwa ni 400, lakini siku ya kawaida huwezi kuwapata wote. Wapo wagonjwa, wapo walioenda shamba, na darasa la saba huondoka wakishafanya mtihani wao Septemba. Chukua wastani wa 360, kisha uupime na daftari lenu la mahudhurio la mwaka jana. Siku 194 mara 360 ni sahani 69,840. Tuite 70,000.

Sahani moja ya mchana ya mtoto wa msingi naipimia gramu 120 za mahindi, gramu 40 za mbaazi au kunde, mililita 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi. Vipimo hivyo vinafaa makande na pia vinafaa ugali wa dona na mbaazi, kwa hiyo ukipika makande siku tatu na ugali siku mbili, mahesabu ya ghala hayabadiliki. Mkikoboa mahindi ya makande mambo hubadilika, maana pumba hubaki mashineni na gunia hurudi jepesi. Mimi nawashauri mpike mahindi yasiyokobolewa, yaliyolowekwa. Nitarudi kwenye kuloweka nikifika kwenye kuni.

Kwa sahani 70,000 unahitaji kilo 8,400 za mahindi. Ongeza kidogo kwa ajili ya vumbi, wadudu na yanayomwagika, uwe na magunia 88 ya kilo mia. Mbaazi ni kilo 2,800, weka magunia 29. Mafuta ni lita 350, yaani madumu 18 ya lita ishirini. Chumvi ni kilo 210. Bajeti nzima ya mwaka, mahindi yakinunuliwa Julai kwa shilingi 550 kilo, inasimama hivi:

| Kifungu | Shilingi |
|---|---|
| Mahindi, kilo 8,800 × 550 | 4,840,000 |
| Mbaazi, kilo 2,900 × 1,200 | 3,480,000 |
| Mafuta, madumu 18 × 90,000 | 1,620,000 |
| Chumvi, kilo 210 × 800 | 168,000 |
| Vitunguu, nyanya, mboga, 3,000 kwa siku | 582,000 |
| Kuni | 1,220,000 |
| Wapishi watatu | 2,580,000 |
| Mifuko ya kuhifadhia, 117 × 5,000 | 585,000 |
| Kusaga dona | 270,000 |
| Sabuni, usafiri, maji | 300,000 |
| Jumla | 15,645,000 |

Gawa kwa sahani 70,000 upate shilingi 224 kwa sahani. Sasa badilisha mstari mmoja tu, mahindi uyanunue Januari kwa 950 kilo. Jumla inapanda kwa 3,520,000, na sahani inafika 274. Chakula ni kilekile, sufuria ni zilezile na wapishi ni walewale. Mmelipa milioni tatu na nusu kwa sababu ya tarehe mliyonunua.

Huo ndio ugonjwa wa shule nyingi za Lindi na Mtwara. Huku tuna mvua za msimu mmoja. Tunapanda Desemba na Januari, tunavuna mahindi kuanzia Mei, na Juni mpaka Agosti kila nyumba ina kitu na bei iko chini. Baada ya hapo inapanda taratibu mpaka Februari na Machi, mahindi mapya yakiwa bado shambani na ya zamani yakiwa yamebaki kwa wenye maduka. Korosho nayo ina kalenda yake. Minada huanza Oktoba, na hela inafika mikononi Novemba na Desemba. Kamati inakusanya mzazi akiwa na hela, jambo la busara kabisa, halafu inaingia sokoni wakati mahindi ni ghali. Anayewauzia Januari pengine ni yuleyule aliyenunua kwa wazazi wenu Julai.

Kwa hiyo achaneni na bajeti ya chakula ya Januari mpaka Desemba. Mwaka wa chakula uanze Julai na uishe Juni, kama mwaka wa fedha wa serikali. Mzazi atoe mahindi anapokuwa na mahindi, na hela anapokuwa na hela.

Kabla sijagawa mchango, kuna kosa la pili nimeliona kwenye swali lako. Mlipopanga mchango mligawa kwa watoto 400, lakini wanaolipa ni 300. Ukigawa 15,645,000 kwa 400 unapata kama 39,000. Ukigawa kwa 300 unapata 52,000. Tofauti hiyo ya 13,000 ni chakula cha watoto mia moja ambao wazazi wao hawatoi, na hao wataendelea kula, kwa sababu chini ya utaratibu wa elimu bila malipo mtoto harudishwi nyumbani wala hatengwi kwa ajili ya mchango. Wengine kweli hawana. Wengine wanayo ila hawataki, na hao ni kazi ya mtendaji wa kijiji na mkutano, si kazi ya mwalimu wa zamu mlangoni mwa jiko. Bajeti igawiwe kwa idadi ya waliolipa mwaka jana. Mwaka huu wakilipa 340, baki lipo na linaanzia mwaka unaofuata.

Shilingi 52,000 ukiitamka mkutanoni watu wataondoka. Basi usiitamke hivyo. Magunia 88 ya mahindi ukiyagawa kwa 300 ni kama kilo 30 kwa mtoto. Magunia 29 ya mbaazi ni kilo 10. Hivyo viwili vinatoka ghalani kwa mzazi, si mfukoni. Kilichobaki kwenye jedwali ni 7,325,000, na kikigawiwa kwa 300 hakifiki 25,000. Mchango wenu mpya ni kilo 30 za mahindi, kilo 10 za mbaazi na shilingi 25,000. Hela taslimu imeshuka chini ya ile 30,000 ya sasa, na chakula kinafika mwisho wa mwaka.

Hiyo 25,000 nayo msiisubirie korosho yote. Nachingwea mnalima ufuta, na hela ya ufuta hutoka Juni na Julai. Chukueni 15,000 wakati huo na 10,000 Novemba. Awamu ya kwanza inaleta milioni nne na nusu, na inabidi ibebe mifuko ya kuhifadhia, kuni za mwaka mzima, nusu ya mafuta na wapishi mpaka Novemba. Itabana, lakini itafika. Awamu ya pili, milioni tatu, inatosha kwa Januari mpaka Juni kwa sababu vitu vikubwa vimeshalipwa.

Pokeeni kwa mizani. Debe lina ujanja mwingi: kuna debe la kufuta na debe la kilele, na kila mzazi ana debe lake. Mizani ya kuning'iniza ya kilo mia mnaweza kuazima AMCOS, chama chenu cha ushirika, ukiwa si msimu wa kupokea korosho. Andika jina, tarehe, kilo, mpe stakabadhi. Wazazi wanaosema mmekula hela watakuwa wa kwanza kuidai, na hilo ni jambo jema.

Magunia 117 yakiingia stoo kuanzia Julai yanatakiwa yawe hai Juni mwaka unaofuata. Hapa ndipo mpango huu huweza kuvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Adui wenu wa kwanza ni unyevu. Mahindi yanayoletwa Juni mapema mara nyingi hayajakauka, na yakifungwa hivyo yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Kipimo cha kijijini ni hiki: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo yake, tia kijiko cha chumvi iliyokauka kabisa, tikisa dakika mbili, iache itulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi hayo yarudishwe juani. Chumvi ikibaki chini bila kushika, pokea. Punje zenye ukungu, za kijani au nyeusi, zichambuliwe palepale mzazi akiwapo, na zitupwe. Wasipewe kuku.

Adui wa pili ni dumuzi, yule mdudu mdogo anayegeuza gunia kuwa unga ndani ya miezi michache. Ile mifuko ya tabaka tatu, ya kinga njaa, inamkosesha hewa na kumuua bila dawa. Masharti yake ni machache lakini hayana msamaha. Toa hewa, funga mifuko ya ndani mmoja baada ya mwingine, usiuburute sakafuni, na ukiufungua umalize. Shule inayofungua mifuko mitano kwa pamoja "kwa urahisi" imenunua mifuko ya bure. Upange juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta. Kila mwisho wa mwezi pita na tochi chini ya vichanja. Ukikuta unga mwembamba umedondoka, mfuko wa juu yake umetobolewa, na huo ndio uanze kupikwa. Mifuko isiyotoboka inatumika tena msimu unaofuata, kwa hiyo mwaka wa pili mstari ule wa 585,000 utapungua.

Mbaazi zina tabia yake, na kalenda ya mavuno peke yake haitakusaidia kubashiri bei yake. Zinavunwa Agosti na Septemba, lakini bei inaamuliwa na India, mnunuzi mkubwa. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazoagiza na bei huku ikaporomoka. Miaka mingine imepanda mpaka mbaazi zikawa ghali kuliko kitoweo. Kwa hiyo mstari wa mbaazi uwe na mbadala. Mkutano ukubali tangu mwanzo kwamba mzazi anaweza kuleta kunde au choroko kilo kwa kilo. Mwaka ambao mbaazi zina bei nzuri mnadani, wazazi wataleta kunde na kuuza mbaazi, na watoto hawatapungukiwa kitu. Jambo moja la kuangalia: mbaazi na ufuta huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na kamati ikionekana inazunguka kununua magunia kwa wakulima nje ya mnada inaweza kudhaniwa ni kangomba. Kupokea mchango wa kilo kumi ni jambo tofauti. Hata hivyo mjulisheni mtendaji na AMCOS kwa barua kabla, ili mgambo asije kuwasimamisha njiani na mkokoteni wa shule.

Chumvi ni mstari mdogo ambao watu hujaribu kuubana. Pwani yetu ya Lindi na Mtwara ina mashamba ya chumvi, na chumvi ya magunia kutoka huko ni rahisi, lakini mara nyingi haijawekwa madini joto. Nunueni ile ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Tofauti ya bei kwa mwaka mzima haifiki gharama ya dumu moja la mafuta.

Sasa kuni. Nimeweka 1,220,000 kwa kudhani mnapikia mafiga, kilo 90 za kuni siku ya makande na 60 siku ya ugali, kwa shilingi 80 kilo. Msiniamini, pimeni. Asubuhi pima rundo, jioni pima lililobaki, fanya hivyo wiki moja. Ni shule chache sana nilizozikuta zinajua zinachoma kilo ngapi, wakati zote zinajua kuni zimepanda.

Kinachokula kuni ni makande. Mahindi na mbaazi vikavu vikitiwa sufuriani asubuhi vinachemka saa tatu, nne. Vikilowekwa tangu jana jioni, na maji ya kulowekea yakamwagwa, muda huo unapungua sana na kuni zinapungua nao. Kinachozuia shule kuloweka ni kwamba mwenye ufunguo wa stoo hurudi asubuhi. Mwekeni mwalimu wa zamu atoe chakula cha kesho saa tisa alasiri kabla hajaondoka, kiingie ndoo zenye mifuniko ndani ya jiko lenye kufuli. Hamtalipa senti kwa hilo. Jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi, likijengwa na fundi anayejua vipimo vya sufuria zenu, linaweza kukata kuni karibu nusu, lakini sufuria izame ndani yake. Ikikaa juu kama kofia, moto unatoka pembeni na mmejenga mafiga ya gharama.

Kuni zinunuliwe Agosti na Septemba, zipasuliwe, zipangwe chini ya paa. Kuni za Januari zimenyeshewa. Zinatoa moshi, zinachukua muda, na mnaishia kuchoma nyingi zaidi wakati zenyewe ndizo ghali zaidi.

Hata hivyo kifungu hiki kina mwisho wake. Serikali imeshapiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, nanyi mna 400. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaelekea hukohuko. Kwa hiyo msijenge mipango ya miaka mitano juu ya kuni. Nikikadiria gesi ya mitungi kwa sufuria zenu, makande ya siku moja yatakula kama kilo 6 na ugali kwa mbaazi zilizolowekwa kama kilo 4. Kwa mwaka ni kilo elfu moja na kidogo, na kwa bei ya mfano ya 3,500 kilo ni milioni tatu na nusu. Sahani inaongezeka shilingi 33, mchango unaongezeka kama 7,800 kwa kila anayelipa, na bado hujanunua majiko yenyewe. Majiko na mitungi mikubwa ni mtaji, usiuchanganye na bajeti ya sahani. Huo ombeni halmashauri, mbunge, au kampuni. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe wa STAMICO, ule wa Rafiki, nao uulizieni bei mpaka shuleni, maana usafiri ndio unaoamua. Mkihamia gesi, punguzeni makande yawe siku moja kwa wiki. Ratiba ya chakula na nishati hupangwa pamoja.

Kuna mtu atawaambia mchome maganda ya korosho kutoka kiwandani kwa sababu ni ya bure. Msifanye hivyo kwenye jiko la kawaida. Maganda yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Mpishi atakaa humo siku mbili, ya tatu hatarudi.

Na wapishi ndio waliobaki. Wanadai nyongeza, na kwa maoni yangu wana haki. Watatu kwa watoto 360 ni wachache, si wengi. Nimeweka 80,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, miezi kumi, ambayo ni 2,400,000. Nimeongeza 120,000 ya kumaliza mwaka, yaani 40,000 kwa kila aliyefika siku ya mwisho Novemba, na 60,000 ya kupima afya zao mara mbili kwa mwaka, kwa sababu anayeshika chakula cha watu lazima awe na cheti cha afya na si haki ajilipie. Jumla 2,580,000, kama shilingi 37 kwa sahani. Ni pungufu ya ile 3,520,000 ya kununua mahindi Januari badala ya Julai: mngenunua kwa wakati, mngeweza kuwalipa mara mbili na zaidi ya hapo.

Kwa nini ile ya Novemba? Kwa sababu Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuokota korosho, na mwanamke mwenye mikono miwili anajua shamba linalipa kiasi gani kwa siku. Mpishi anayelipwa kwa kuchelewa ataondoka katikati ya msimu bila kuaga, na mtaweka mtu mgeni asiyejua kipimo. Lipeni kwa mwezi, tarehe moja, na kwa kusaini. Malipo ya kutwa yanaonekana rahisi kwenye karatasi, lakini wiki ya mitihani na siku mvua inapokatisha masomo mpishi anakosa, na anayekosa ana familia nyumbani na ufunguo wa stoo mkononi. Nisieleweke vibaya. Wengi wao ni waaminifu kuliko sisi tunaowakagua. Ila mkiwaacha miezi miwili bila posho, mmeamua wenyewe kwamba watajilipa kwa mahindi, na gharama hiyo haitaonekana kwenye mstari wa wapishi.

Itaonekana kwenye gunia. Huu ndio ukaguzi pekee ninaowataka mfanye kila wiki, na hauhitaji mhasibu. Gunia la kilo mia kwa gramu 120 linatoa sahani 833. Saa nne asubuhi mwalimu wa zamu anahesabu waliopo, anaandika, stoo inatoa kwa idadi hiyo. Wakiwa 360 ni kilo 43.2 za mahindi, kilo 14.4 za mbaazi, lita 1.8 za mafuta. (Chakula kikilowekwa jana, toa kwa idadi ya jana, kisha sahihisha kesho.) Ijumaa gawa sahani mlizotoa kwa magunia yaliyokwisha. Ikija 800 mko sawa. Ikija 650, kuna kitu. Angalia kwanza upawa, mara nyingi mpishi kabadilisha kopo na jipya ni kubwa. Angalia pili uzito wa magunia yaliyopokelewa, huenda mliandika mia kukawa na tisini. Ukikuta hayo yako sawa, ndipo uulize nani alikuja stoo.

Na walimu nao waandikwe. Walimu kumi na wawili wakila kila siku sahani mbili kila mmoja ni sahani 24, zaidi ya 4,600 kwa mwaka, sawa na magunia matano na nusu ya mahindi. Mimi sina tatizo na mwalimu kula. Nina tatizo na mwalimu kula bila kuwa kwenye bajeti. Ama wachangie kwa hesabu ileile ya sahani, ama mkutano uamue wazi kwamba wazazi wanawalisha, na magunia sita yaongezwe.

Maji nimeyaweka ndani ya ile 300,000 kwa sababu nadhani mna kisima. Mwenzako wa Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji hununuliwa kwa dumu, asinakili mstari huo. Yeye apime lita za kupikia, kuosha sahani na kunawa mikono, na ataona ni kifungu kinachoshindana na kuni.

Kwa mwaka huu ambao mmeshakusanya hela ya korosho na kununua, msijaribu kuvuta mpaka Desemba. Hesabu magunia yaliyobaki, zidisha kwa 800, gawa kwa 360, ujue siku zenu. Ikiwa hayafiki Juni, badilisheni siku mbili za wiki ziwe za uji wa gramu 50 za unga saa nne, na darasa la awali na la kwanza wapewe kwanza. Mkutano wa wazazi uitwe mwezi wa tano kabla ufuta haujalipwa. Uende na mizani, chupa ya chumvi na jedwali la gharama lenye bei za gulio lenu wenyewe, na uanze kwa kuwasomea zile siku 91.